Lupu Isiyo na Mshono: Sekunde 11 za Gitaa Chini ya Video ya Dakika 3

Mwaka 1977 kundi la Bee Gees lilikuwa katika studio ya Château d'Hérouville nchini Ufaransa, likirekodi nyimbo za filamu ya Saturday Night Fever, pale mpiga ngoma wao, Dennis Bryon, alipolazimika kuondoka kwa dharura ya kifamilia. Kazi haikusimama. Albhy Galuten na Karl Richardson, waliokuwa wakisimamia utayarishaji wa muziki huo, walichukua kipande kifupi cha ngoma kutoka kwenye wimbo uliokwisha kurekodiwa, "Night Fever", wakaunganisha ncha mbili za utepe wake na kuuacha uzunguke kwenye mashine. Ngoma hizo zilizokuwa zikijirudia ndizo zilizobeba wimbo wa "Stayin' Alive". Kwenye orodha ya wanamuziki, nafasi ya mpiga ngoma alipewa mtu asiyekuwepo duniani: Bernard Lupe.

Leo kazi hiyohiyo inafanywa kwenye kompyuta na kila anayetengeneza video za mapishi, za safari au za matangazo ya duka. Ana kipande cha muziki cha sekunde chache na video ya dakika kadhaa, kwa hiyo anakiweka kipande hicho mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka video iishe. Akisikiliza, anagundua kwamba kila kipande kinapoanza upya kuna kitu kinachosikika: "tik" ndogo, au pigo linalochechemea, au muziki unaopumua kana kwamba umekatika na kurudi.

Mafundi wa utepe walikuwa na dawa ya tatizo hili bila hata kulifikiria sana. Hawakuukata utepe wima, waliukata mshazari. Katika utepe wa robo inchi unaokimbia sentimita 38 kwa sekunde, mkato wa nyuzi 45 huchukua takriban milisekunde 17 kupita mbele ya kichwa cha kusomea. Kwa muda huo mfupi sauti ya zamani ilikuwa ikipungua huku mpya ikiongezeka. Kompyuta haina mshazari. Mkato wake ni wima kabisa, na mpishano ule wa sauti mbili mtu sharti auweke mwenyewe.

Tik inatoka wapi

Sauti ndani ya kompyuta ni msururu wa namba. Kwa kazi za video kiwango cha kawaida ni sampuli 48,000 kwa kila sekunde, na kila sampuli inaeleza utando wa spika uwe wapi kwa wakati huo: umesogea mbele, umerudi nyuma, au umetulia katikati. Mtu akikata kipande pale ambapo namba ya mwisho iko juu na ya kwanza iko chini, utando wa spika unaambiwa uruke kutoka sehemu moja hadi nyingine papo hapo. Mruko huo ndio tik.

Ushauri wa kwanza ambao mhariri yeyote hupewa ni kukata pale ambapo mchoro wa sauti unavuka mstari wa katikati. Programu ya Audacity, ambayo ni ya bure na inatumika sana, ina amri ya kufanya hivyo: `At Zero Crossings` kwenye menyu ya `Select`, au kubonyeza tu herufi Z. Ushauri huo ni mzuri lakini hautoshi. Rekodi ya stereo ina mistari miwili, kushoto na kulia, na ni nadra yote miwili kuvuka katikati kwa wakati mmoja. Tena, hata kama tik imeondoka, masikio bado yatagundua kwamba waya wa gitaa uliokuwa ukilia umenyamazishwa ghafla, kwa sababu upande wa pili wa mkato waya huo haulii.

Kwa hiyo lupu nzuri inadai mambo mawili. Urefu wake uwe sawa na mapigo kamili ya muziki, na sauti iliyokuwa ikilia mwishoni iwe na mahali pa kwenda inaporudi mwanzo.

Hesabu ya urefu

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Mpiga gitaa amerekodiwa akiwa na mwenzake anayetikisa kayamba. Mwendo wao ni mapigo 90 kwa dakika. Wanazunguka kodi nne, kila moja ikikaa mapigo manne, ambayo wanamuziki huyaita baa moja. Wamezunguka mara mbili, kisha wakamalizia kwa pigo moja la kodi ya kwanza na kuliacha lilie hadi likaisha lenyewe. Rekodi yote ina sekunde 26. Video inayosubiri muziki huo ina dakika tatu kamili.

Sekunde 60 zikigawanywa kwa 90, pigo moja linapata sekunde 0.667. Mzunguko mmoja una mapigo 16, yaani sekunde 10.667, ambazo kwa sampuli 48,000 ni sampuli 512,000 bila baki. Huo ndio urefu ambao lupu yetu inapaswa kuwa nao. Ikizidi au kupungua hata kwa milisekunde 30, mtu anayegonga meza kwa kidole kufuatisha muziki ataachwa nje ya pigo kila mzunguko unapoanza upya.

Hesabu hii inafaa kikamilifu kwa muziki uliotengenezwa kwa mashine au uliopigwa kwa kufuata metronomu. Wapigaji walioachwa wapige wanavyojisikia huongeza au kupunguza mwendo kidogokidogo. Ikiwa hesabu inasema 10.667 na mchoro unaonyesha kwamba kati ya pigo la kwanza la mzunguko na pigo la kwanza la mzunguko unaofuata pana sekunde 10.71, mchoro ndio wa kufuata. Pigo ni rahisi kuliona ukikuza mchoro: ni mahali ambapo mstari mwembamba unapanda ghafla kama ukuta.

Kwa nini mzunguko wa pili

Hapa ndipo wengi hukosea. Wakiwa na rekodi yenye mizunguko miwili, huchukua wa kwanza kwa sababu ndio wenye mwanzo safi. Lakini usafi huo ndio unaoharibu lupu. Kabla ya pigo la kwanza kabisa palikuwa na kimya. Hapakuwa na waya unaolia wala mwangwi wa chumba. Katika lupu, pigo hilohilo litakuja mara nyingi baada ya baa ya nne, wakati nyaya bado zinalia. Kila mara lupu itakapoanza upya, mlio wa nyaya utatoweka ghafla, na msikilizaji atahisi shimo dogo hata kama hawezi kulitaja.

Mzunguko wa pili hauna tatizo hilo. Pigo lake la kwanza tayari limebeba mlio uliobaki kutoka mzunguko wa kwanza, na mlio huo unafanana sana na ule utakaotoka mwisho wake wenyewe. Maprodyuza wanaotengeneza biti kwenye kompyuta hutumia ujanja huuhuu: hupanga lupu mara mbili mfululizo, huitoa yote kama faili moja, kisha hukata na kutumia nusu ya pili peke yake.

Na mwenye rekodi ya mzunguko mmoja tu, uliomalizika na kuachwa ulie? Bado ana njia. Anakata pale urefu wa mapigo 16 unapotimia, anachukua mkia wote uliobaki baada ya hapo, anauweka kwenye mstari wa pili tangu mwanzo wa lupu, na kuichanganya mistari hiyo miwili. Mkia wa mwisho sasa unalia juu ya mwanzo. Njia hii hufanya kazi vizuri kama baada ya mkato hakuna pigo jipya. Likiwepo, litasikika juu ya pigo la kwanza na kulifanya liwe zito kuliko mengine.

Kuhamisha mshono

Katika rekodi yetu, pigo la kwanza liko kwenye sekunde 0.500. Mzunguko wa pili unaanza kwenye 11.167, na pigo la kumalizia liko kwenye 21.833. Mtu angetegemea tukate kuanzia 11.167 hadi 21.833. Badala yake tunaanza milisekunde 40 mapema, kwenye 11.127, na kuishia milisekunde 10 kabla ya pigo la kumalizia, kwenye 21.823. Kipande hiki ni kirefu kuliko lupu tunayoitaka kwa milisekunde 30, na ziada hiyo ina kazi yake.

Sasa kipande kinakatwa katikati, mahali popote pasipo na pigo. Tuseme kwenye sekunde 16.800. Nusu mbili zinabadilishana nafasi: ya pili inatangulia, ya kwanza inafuata. Faida ya kufanya hivyo ni kubwa. Mwanzo mpya wa lupu na mwisho wake mpya ni pande mbili za mkato mmoja, sauti ambazo kwenye rekodi zilifuatana sampuli kwa sampuli. Lupu ikijirudia, mahali pale hapana kiungo cha kusikika, kwa kuwa mpigaji mwenyewe ndiye aliyezipiga zikifuatana hivyo. Mshono halisi, ule unaokutanisha mwisho wa zamani na mwanzo wa zamani, umehamia katikati ya kipande, ambako unaonekana, unasikilizwa na kurekebishwa kwa utulivu.

Urekebishaji wenyewe ndio ule mpishano wa mafundi wa utepe. Katika Audacity nusu mbili huwekwa kwenye mistari miwili, moja juu ya nyingine, zikipishana kwa milisekunde 30 zile za ziada. Sehemu ya mpishano inachaguliwa kwenye mistari yote miwili, kisha inatumika amri ya `Crossfade Tracks` iliyo chini ya `Effect` na `Fading`. Baada ya hapo mistari inaunganishwa kuwa mmoja kwa `Mix and Render`, na urefu unahakikiwa: sekunde 10.667.

Kwa kuwa tulianza kukata kabla ya pigo, mpishano wote unamalizika milisekunde 10 kabla ya kodi kupigwa. Pigo lenyewe halikuguswa. Lingekuwa ndani ya mpishano, mapigo mawili yangechanganyika, na kama hayakupangana sawasawa yangesikika kama vidole viwili vinavyogonga meza kwa kupishana kidogo. Lakini likija mara tu baada ya mpishano, pigo hufunika dosari ndogo iliyolitangulia, kwa sababu sikio huvutwa na sauti kubwa na kuipuuza ndogo iliyo jirani yake.

Amri hiyo huuliza pia aina ya mpishano. `Constant Gain` hupunguza sauti moja na kuongeza nyingine kwa mstari ulionyooka. Inafaa pale sauti mbili zinapofanana karibu kabisa. `Constant Power 1` huzishikilia zote mbili juu kidogo katikati ya mpishano, na inafaa pale zinapotofautiana, maana sauti zisizofanana zikipishanishwa kwa mstari ulionyooka hushuka kwa desibeli tatu hivi katikati. Kwenye milisekunde 30 za gitaa tofauti hiyo ni ndogo. Kwenye mvua, mawimbi ya bahari au kinanda kisicho na mapigo, ambako mpishano hunyooshwa hadi sekunde mbili au zaidi, uchaguzi usiofaa husikika kama bahari inayonyamaza kidogo kila lupu inapopita.

Kuipanga chini ya video

Lupu iliyohamishiwa mshono ina tabia inayowashangaza wanaoitengeneza mara ya kwanza: inaanza katikati ya wimbo. Mtu hawezi kuiweka tu mwanzoni mwa video. Lakini kwa kuwa mkato wetu ulikuwa kwenye sekunde 16.800 za rekodi ya asili, rekodi hiyo inaweza kufunguliwa mahali palepale hasa na lupu zikapachikwa katikati. Sehemu ya kwanza ya rekodi inaishia pale lupu inapoanzia, na sehemu ya mwisho inaanzia pale lupu inapoishia. Viungo vyote viwili ni vya asili, na muziki unapata mwanzo wake halisi pamoja na lile pigo la kumalizia lililoachwa lilie.

Tukiondoa nusu sekunde ya kimya iliyo mwanzoni, rekodi ina sekunde 25.5. Lupu 14 zina sekunde 149.3. Jumla ni 174.8, na video ina sekunde 180. Sekunde tano zinazobaki zinaachwa mwanzoni, picha ianze na sauti zake zenyewe kabla ya gitaa kuingia, na kodi ya mwisho itafifia pamoja na picha. Katika Audacity lupu hurudiwa kwa amri ya `Repeat`, nayo huuliza idadi ya marudio ya kuongeza. Kwa lupu 14 namba ya kuandika ni 13.

Ni vema kupanga muziki wote kwenye programu ya sauti na kuupeleka kwenye programu ya video kama faili moja, kuliko kuibandika lupu mara 14 kwenye video. Programu nyingi za video huvuta mikato iangukie kwenye mipaka ya fremu. Kwa fremu 30 kwa sekunde mfano wetu una bahati, kwani sekunde 10.667 ni fremu 320 kamili. Kwa fremu 25 ni fremu 266 na theluthi mbili. Programu itaacha upenyo wa milisekunde 13 au itakata milisekunde 27, na kazi yote ya mpishano itakuwa imepotea.

Faili hilo liwe WAV au FLAC. MP3 huigawa sauti katika mafungu ya sampuli 1,152, hujaza kimya pale fungu la mwisho lisipotimia, na huongeza kimya kingine mwanzoni. Kwa kawaida kimya hicho cha mwanzoni hufika sampuli zipatazo 1,100, yaani milisekunde 23 kwa kiwango chetu. Mtu anayesikiliza wimbo mzima hatambui chochote. Lupu ikijirudia, kimya hicho huingia kila mzunguko, na lupu iliyokuwa safi kwenye programu huanza kuchechemea ikishatolewa. Baadhi ya programu husoma maelezo yaliyofichwa ndani ya faili na kukiondoa kimya hicho, nyingine hazifanyi hivyo. AAC, ambayo hutumiwa na simu nyingi kurekodia, ina tatizo la jamii hiyohiyo. Ubanaji wa aina hizi ufanyike mara moja tu, mwishoni, video nzima inapotolewa.

Kuikagua kwa masikio

Lupu hukaguliwa ikizunguka kwa dakika mbili au tatu kwenye hedifoni, bila kutazama skrini, kwa sababu jicho likiona mahali pa mshono sikio hulisikia hata lisilokuwepo. Kinachosikika ndicho kinachoonyesha ugonjwa. Tik kavu ina maana kwamba kuna mkato usio na mpishano. Pigo linalowahi au kuchelewa kila baada ya mzunguko ni kosa la urefu, na dawa yake ni kurudi kupima kutoka pigo hadi pigo. Sauti inayoshuka na kupanda ni aina ya mpishano isiyofaa. Na kama mzunguko unaisha ukiwa na nguvu kisha unaanza tena kwa upole, mpigaji alikuwa akiongeza nguvu kadiri alivyoendelea. Hapo sauti ya nusu moja hushushwa desibeli moja au mbili kabla ya mpishano.

Kuna dosari nyingine isiyo ya kiufundi ambayo mpishano hauwezi kuitibu. Pikipiki iliyopita nje ya dirisha, mtu aliyekohoa, au mbwembwe moja nzuri ya mpiga gitaa, ikiwa ndani ya sekunde 10.667 itarudi mara 15 na zaidi katika video ya dakika tatu. Kufikia mara ya tatu msikilizaji ataitegea. Sehemu ya kuchagua ni ile isiyo na jambo la pekee, hata kama haisisimui ikisikilizwa yenyewe. Rekodi ikiruhusu, lupu ya baa nane au kumi na sita hupunguza tatizo kwa nusu au robo.

Mwisho ni kiwango cha sauti. Mwongozo wa kimataifa wa upatikanaji wa maudhui ya wavuti, WCAG, katika ngazi yake ya juu kabisa unataka sauti za nyuma ziwe chini ya maneno kwa angalau desibeli 20, ili wenye usikivu hafifu waweze kuyafuata. Kwa mfano wetu, msimulizi akiwa kwenye desibeli 16 chini ya kilele, gitaa na kayamba vishushwe hadi 36 chini yake pale anapozungumza. Katika sekunde ambazo hasemi, na hasa pale kodi ya kumalizia inapolia, muziki unaweza kupandishwa tena, mradi upandaji huo uchukue nusu sekunde au zaidi.